Hesabu ya zamu kwanza, tangazo baadaye

*Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Uyole, Mbeya. Krismasi iliyopita tulikusanya chakula kwa ajili ya kaya zenye uhitaji. Tangazo letu lilisambaa sana, watu wakaandika "tuko pamoja", lakini siku ya kufungasha tulijikuta sita. Mwaka huu tunataka kuzifikia kaya 120 katika mitaa minne. Tuliandikeje tangazo la kuita watu wa kujitolea ili waje kweli?*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa ile siku ya kufungasha mkiwa sita.

Watu walioandika "tuko pamoja" hawakuwadanganya. Waliliunga mkono jambo lenyewe, kwa sababu tangazo halikuwaomba kingine. Ukimwambia mtu "njoo tujitolee Krismasi hii", anakubali moyoni kisha anasubiri kuambiwa aje lini, afanye nini na aondoke saa ngapi. Asipoambiwa, siku ile inampita akiwa shambani au sokoni. Kwa hiyo msianze kuandika. Kaeni kwanza na daftari mhesabu kazi, mpaka mjue mnahitaji watu wangapi, saa ngapi, mahali gani. Tangazo litatoka ndani ya hesabu hiyo, tena litakuwa fupi.

Tuchukue kaya zenu 120. Tuseme kila kaya inapata mchele kilo 5, maharage kilo 2, mafuta ya kula lita 1, sukari kilo 1 na chumvi nusu kilo. Mfuko mmoja unakaribia kilo tisa na nusu, na mifuko yote inazidi tani moja. Ndani yake mna mchele kilo 600 na maharage kilo 240. Mafuta, sukari na chumvi nunueni vikiwa vimefungwa tayari dukani. Najua dumu la lita 20 lina nafuu ya bei, lakini kumimina mafuta kwenye chupa 120 kunakula mchana mzima, sakafu inateleza, na chupa zilizookotwa hazina usafi wa kuaminika. Kwa mpango huo kazi ya kupima inabaki kwenye mchele na maharage tu.

Kwenye mizani moja wanahitajika watu watatu: wa kuchota, wa kusoma mizani na wa kufunga. Wakizoeana wanatoa fungu moja kwa dakika, ila kuna kubadilisha gunia, kuna kamba inayokatika, kuna simu. Mimi hupanga mafungu 40 kwa saa. Mafungu 120 ya mchele ni saa tatu. Mizani ya pili ifanye maharage kwa muda huohuo. Hapo mmefika watu sita. Ongezeni wawili wa kuchambua maharage mawe na mbovu kabla hayajafika kwenye mizani, watatu wa kukusanya vitu vitano ndani ya mfuko mmoja, na mmoja ambaye hashiki chochote isipokuwa kalamu, anayehesabu mifuko iliyokamilika na kuiandika namba. Jumla ni watu 12 kwa saa tatu. Huyo wa kalamu msimwondoe mkadhani mnaokoa mtu. Asipokuwepo, saa mbili usiku mtakuwa mnafungua mifuko kutafuta ni upi uliokosa chumvi.

Kugawa kunahesabiwa kwa miguu. Kwenye vilima vyenu, kutoka nyumba hadi nyumba, kupiga hodi, kusalimiana vizuri na kusaini daftari, ni kama dakika saba kwa kaya. Mtaa wenye kaya 30 ukipewa jozi moja ya watu, watatumia saa tatu na nusu na watachoka. Ukipewa jozi mbili, wanamaliza kabla ya saa mbili kutimia. Mitaa minne, jozi nane, watu 16. Wawekeni wawili kwenye gari na wawili stoo, wanakuwa 20. Kirikuu kimoja kinatosha kikienda mtaa mmoja kwa safari moja, maana mifuko 30 haifiki hata kilo 300. Msikubali kurundika mifuko yote 120 ili kuokoa mafuta ya gari. Barabara za ndani zikilowa, gari zito linakwama na zamu nzima inasimama.

Sehemu ya mwisho ni kupokea michango. Kituo kimoja, Jumamosi na Jumapili, zamu mbili kila siku, watu wanne kila zamu, ni nafasi 16. Jumlisheni: 16 za kupokea, 12 za kufungasha, 20 za kugawa. Nafasi 48. Sasa mnajua mnaomba nini. Andikisheni watu watano pale panapohitaji wanne, kwa sababu mtu anauguliwa, mtu anafiwa, mvua inamfungia mwingine njiani. Mkifikisha majina 60, fungeni orodha. Watu kumi wanaosimama bila kazi wanawavunja moyo wale wanaofanya, na mwaka unaofuata hao kumi hawarudi.

Saa za zamu ndizo zinazohitaji akili kuliko yote, na hapa ndipo matangazo mengi ya kwetu yanapokosea. Desemba huku Nyanda za Juu ni msimu wa kilimo. Mahindi yanapandwa au yanapaliliwa, na watu wazima wengi asubuhi wako shambani. Tena mvua zetu hupenda kushuka mchana na jioni. Ukiweka kazi yote asubuhi unawakosa wakulima, na ukiweka kazi yote jioni unagawa mchele kwenye mvua. Basi gawanyeni kwa paa: kazi ya ndani, yaani kupima na kufungasha, iwe alasiri, kuanzia saa 9 hadi saa 12 jioni. Kazi ya nje, yaani kugawa, iwe asubuhi, saa 1 hadi saa 5, na muwape hasa wanafunzi na vijana walio likizo. Kumbukeni pia kwamba Mbeya kuna Wasabato. Jumamosi kwao ni siku ya ibada, na wengine Jumapili wako kanisani mpaka mchana. Kwa hiyo zamu za kupokea zisifanane siku zote mbili. Jumamosi anzeni saa 3 asubuhi, Jumapili anzeni saa 7 mchana. Wengine wataingia kwenye zamu za kufungasha na kugawa.

Fungasheni tarehe 22, mgawe tarehe 23. Tarehe 24 msiipangie zamu. Ni siku ya akiba kama mvua ikiharibu, na ni siku ambayo soko la Mwanjelwa halipitiki, nauli zimepanda na watu wenu wenyewe wana nyumba zao za kuandaa. Halafu mama aliyepokea mchele tarehe 23 anaweza kupanga sikukuu yake. Anajua kwamba pesa kidogo aliyonayo sasa inaweza kununua nyama au nguo ya mtoto. Akiupokea saa 3 usiku wa mkesha, nafasi hiyo imeshampita.

Sasa majukumu. Kila jukumu lielezwe kwa namna ambayo mtu anaweza kujipima mwenyewe: naweza au siwezi. Jukumu moja nitalieleza kwa urefu kwa sababu linabeba afya za watu, nalo ni la mkaguzi wa michango. Desemba ni mwezi ambao nafaka nyingi majumbani zimekaa tangu mavuno ya katikati ya mwaka, na unyevu umerudi. Mtu anakuja na mfuko wa mahindi au karanga kwa moyo safi kabisa, lakini ndani kuna ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya kawaida ya nyumbani. Mkaguzi anaangalia punje zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au kijivu, zilizosinyaa, zenye harufu ya uvundo. Kama ana shaka na unyevu, achukue chupa ya kioo iliyo kavu, aweke punje robo ya chupa na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, afunge, atikise kwa dakika moja, kisha aiache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, nafaka hiyo bado ina unyevu mwingi, haifai kuwekwa stoo. Jaribio hili linapima unyevu tu. Halisemi kama sumukuvu ipo au haipo, kwa hiyo punje mbovu zikataliwe hata kama chumvi haikunata.

Kuna hatari nyingine ya msimu huu ambayo waandaaji kutoka mijini hawaifikirii: mbegu. Wakati wa kupanda, nyumba nyingi zina mabaki ya mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, ya rangi ya waridi, nyekundu au kijani. Hayo hayaliwi hata yakioshwa. Mtu anaweza kuyachanganya na mahindi mengine bila nia mbaya. Mkaguzi akiona hata punje chache zenye rangi, mfuko mzima unakataliwa. Vilevile amuulize kila anayeleta mahindi au maharage kama yaliwekwa dawa ya kuhifadhia, lini na ipi. Ni swali la adabu tu, na mkulima yeyote analijibu bila kuona haya. Msipopata jibu la uhakika, shukuruni na msipokee. Kwa sababu hii mimi napendelea tangazo liombe wazi mchele, maharage na vitu vya dukani, mahindi yasiombwe kabisa. Maharage yenye matundu ya wadudu rudisheni. Viazi mviringo, ambavyo Uyole hamtavikosa, pokeeni tarehe 22 alasiri tu, na vile vilivyogeuka kijani viwekwe pembeni.

Kwa mkaguzi, basi, msitafute mwenye nguvu. Tafuteni mama au baba aliyezoea kuhifadhi na kuuza nafaka, mtu ambaye akisema "hii hapana" mwenye mfuko hatakasirika. Na mwambieni asichanganye michele. Mchele wa Kyela, wa Mbarali, mpya na wa zamani, kila mmoja unakunywa maji yake. Ukichanganywa kwenye fungu moja, nusu inakuwa bokoboko na nusu ina kiini. Aliyepewa anaona tu kwamba amepewa mchele mbaya.

Majukumu mengine ni mepesi. Wa daftari anahitaji mwandiko unaosomeka. Wa mizani anahitaji macho na subira. Wanafunzi chini ya miaka 18 waje na ruhusa ya mzazi na wapewe kufunga na kuandika, wasibebe mizigo. Kwenye gunia la kilo 100 asiguse mtu wa kujitolea hata mmoja: walipeni wabeba mizigo wa sokoni walishushe mpaka pale litakapofunguliwa, kisha mchele uchotwe kwa ndoo. Mgongo ukiumia kwenye kazi ya hisani, hakuna wa kuulipa. Fedha taslimu zipokewe na watu wawili kwa pamoja na stakabadhi. Kabla ya tangazo kutoka, mwenyekiti wa kila mtaa na afisa mtendaji wawe na barua yenu, maana wao na mabalozi ndio watakaowapa majina ya kaya. Orodha hiyo isiondoke mikononi mwa watu wawili.

Kuhusu mifuko, ile ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo agizeni mifuko mbadala mapema. Karibu na sikukuu bei yake hupanda.

Hesabu ikishakamilika, tangazo linaandikika hivi. Libadilisheni mpendavyo, ila msiondoe saa wala idadi:

"Ndugu na majirani wa Uyole, kuanzia Nsalaga hadi Igawilo. Krismasi hii tunataka kaya 120 za mitaa yetu minne zipike wali na maharage bila kukopa. Ni jirani zetu: bibi anayelea wajukuu peke yake, baba aliyelazwa tangu mvua za kwanza, mama ambaye shamba lake halikutoa kitu. Wengi wao nasi tumekula kwao siku zao zilipokuwa nzuri. Chakula kinaendelea kupatikana. Tunachokosa ni mikono, na tunahitaji nafasi 48 tu.

Kupokea michango: Jumamosi, saa 3 hadi 6 na saa 6 hadi 9. Jumapili, saa 7 hadi 9 na saa 9 hadi 11. Watu wanne kila zamu. Kazi ni kupokea, kukagua nafaka na kuandika. Ni kazi ya kukaa, hata mzee anaiweza.

Kufungasha: tarehe 22 Desemba, saa 9 alasiri hadi 12 jioni, ndani ya ukumbi. Watu 12. Kazi ni kupima, kuchambua maharage na kufunga. Ukitoka shambani unakaribishwa hivyohivyo, maji ya kunawa yapo.

Kugawa: tarehe 23 Desemba, saa 1 hadi 5 asubuhi. Watu 20, wawiliwawili pamoja na balozi wa mtaa. Ni kutembea kwenye kilima ukiwa na mzigo usiozidi kilo 10 kwa safari. Njoo na koti la mvua na viatu visivyoteleza.

Chagua zamu moja. Moja inatosha. Tuma jina lako na zamu uliyochagua kwa mratibu kabla ya tarehe 12, naye atakujibu kwa jina. Kila zamu ina chai na viazi. Hatutapiga picha ya mtu yeyote anayepokea, na hatuulizi dini wala kabila la nyumba tunayoingia. Kama huwezi kuja, leta kilo moja ya mchele, au mwambie jirani yako anayeweza. Ndaga fijo, Mungu awabariki."

Angalia, mwanangu, maneno ya kugusa moyo yamekaa wapi. Yako juu, sentensi chache, yakiwahusu watu ambao msomaji anawajua. Halafu yanaachia nafasi kazi. Tangazo likilia kuanzia mwanzo hadi mwisho, msomaji analia nalo kisha anafunga simu. Ile ahadi ya kutopiga picha msiione ndogo. Wapo watu wazuri wanaokataa kujitolea kwa sababu wamechoka kuona bibi anashikishwa mfuko wa mchele mbele ya kamera. Wakisoma hapo mtawapata. Nayo iheshimuni: simu za wagawaji zibaki mfukoni mpaka warudi ukumbini.

Msilitume kwenye makundi ya WhatsApp pekee. Lisomwe kwenye matangazo ya ibada na msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na katika vijiwe vya bodaboda katibu aende mwenyewe kwa miguu. Vijana wa bodaboda wanazijua nyumba ambazo hata balozi anazisahau, na siku ya kugawa wawili wao wanaweza kuwapelekea wagonjwa walio juu kabisa, mahali ambapo kirikuu hakifiki.

Kinachoamua kama watakuja ni mambo mawili baada ya tangazo. La kwanza, kila anayejiandikisha ajibiwe siku hiyohiyo, kwa jina lake na zamu yake: "Asante dada, uko kwenye kufungasha, tarehe 22 saa 9, mizani ya maharage." Mtu aliyepewa mizani ya maharage anajua kwamba asipokuja mizani hiyo itasimama. La pili, kila zamu iwe na wasimamizi wa kutosha, kila msimamizi awe na majina yasiyozidi manane, na jioni ya kabla awapigie simu mmoja mmoja. Apige, asitume ujumbe kwenye kundi. Kwenye kundi kila mtu anadhani ameulizwa mwingine. Kwenye simu mtu akisita utaisikia sauti yake, na bado una usiku mzima wa kuita jina la akiba.

Dalili ya mapema ya kwamba mambo hayaendi ni hii: ifikapo tarehe 12, zamu za kugawa zimejaa na za kupokea hazina watu. Huwa hivyo karibu kila mara, kwa kuwa kila mtu anataka kuuona uso wa anayepokea. Msiwasihi upya kwa tangazo la pili. Wapigieni wale waliozidi kwenye kugawa, muwaombe mmoja mmoja wahamie Jumapili alasiri. Wengi hukubali wakiombwa hivyo. Kama bado hamtoshi, punguzeni zamu za kupokea ziwe mbili badala ya nne na mtangaze saa mpya, kuliko kukifungua kituo na mtu mmoja anayepokea, anayekagua na anayeshika fedha peke yake.

Siku ya kugawa mtakuta nyumba ambazo hazina mtu. Mfuko usiachwe mlangoni wala kwa jirani, hata jirani akiwa mwema. Jozi iandike namba ya mfuko na saa waliyobisha, mfuko urudi stoo, na balozi apeleke habari. Tarehe 24 asubuhi wale wawili wa stoo wanapita tena, wakiwa na simu ya balozi. Ikishindikana hata hapo, mwenyekiti wa mtaa ndiye anayechagua kaya iliyofuata kwenye orodha, anasaini, na mfuko unaondoka kabla ya saa 6 mchana, ili stoo ifungwe na nyinyi pia mkapike kwenu.